Msitu Uliopandwa na Mbuzi wa Mama

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata diploma, na diploma yenyewe ni ya misitu. Sikusomeshwa na mtu. Nilibeba mawe ya watu kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, huko machimboni, ukanda wa Geita, nikavuta vumbi la miamba hadi nikawa napiga chafya ya rangi ya kijivu, na kwa vumbi hilo nikajilipia chuo. Nilipomaliza nilirudi ukanda uleule, lakini safari hii nikiwa na kofia ngumu na buti za kampuni. Kulikuwa na mkandarasi aliyepewa kazi ya kuotesha miti juu ya vifusi vya mgodi mmoja mkubwa, naye akanipa kitalu chote nikisimamie.

Mtu asiyejua kifusi cha mgodi atadhani ni kilima. Si kilima. Ni mawe yaliyotolewa chini sana ardhini, mawe ambayo hayajawahi kuona jua, hayana kisiki, hayana mzizi wala mbegu hata moja iliyolala ikisubiri mvua. Pale ukisema uache asili ifanye kazi yake, utangoja hadi wajukuu wazeeke. Tulimwaga udongo wa juu, tukachimba mashimo, tukapanda, na boza la maji likapita kila jioni. Niliacha kifusi kikiwa kijani. Watu waliopita barabarani wakielekea Bulyanhulu walikionyesha kwa kidole, nami nikiwa kwenye basi niliwaambia abiria wenzangu kazi ile ni ya nani.

Nikarudi nyumbani na pikipiki, na akiba, na sifa. Nikajenga nyumba ya bati la msauzi, ya kwanza kijijini kwetu. Kijiji chenyewe hakiko mbali na mji wa Shinyanga, upande wa barabara iendayo Kahama, mahali ambapo watu husalimiana kwa Kisukuma na kugombana kwa Kiswahili. Hapo nikaitwa Bwana Miti. Wengine walisema hivyo kwa heshima na wengine kwa utani, lakini jina lilikaa.

Shamba la marehemu baba lilikuwa limekuwa kipara. Lililimwa pamba miaka mingi, likalimwa mahindi, likalimwa dengu, kisha likaachiwa ng'ombe wa kijiji kizima. Mvua ilikuwa ikinyesha juu yake kama inavyonyesha juu ya sakafu: maji yanakimbilia lambo, yakiacha uso mgumu na mweupe. Kilichobaki ni visiki vifupi vya migunga, vya kimo cha kifundo cha mguu, ambavyo kila mwaka vilichomwa moto, vikakatwa, vikaliwa na mbuzi, na kila mwaka vikachipua tena kwa ukaidi. Kwetu visiki hivyo vilijulikana kwa kazi moja tu, kutoboa matairi ya baiskeli.

Kaka yetu mkubwa, anayeishi Kambarage mjini na kuuza vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeleta habari. Kulikuwa na tajiri wa marudio kutoka Kahama. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Unamwagwa tena kwenye vati kubwa za saruji, unalowekwa dawa kali, ili itoke dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza. Tajiri alitaka eneo lililo karibu na barabara na karibu na lambo. Shamba la baba liko hivyo hasa.

"Mama, utakuja kukaa kwangu," kaka alisema. "Chumba kina marumaru."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe watauzwa."

"Na mbuzi?"

"Mama, marumaru na mbuzi haviendani."

Mama akaendelea kuchambua mchicha. Mama yetu hajawahi kulala mahali ambapo hasikii ng'ombe akicheua, na alikuwa ametuambia wazi kwamba siku atakapolala mahali hapo ataamka amekufa. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: shamba likienda, na mama anaenda.

Akatoa sharti lake. Alitaka misimu mitatu ya mvua. Ardhi ikipona ndani ya misimu hiyo, isiguswe na mtu. Isipopona, kaka afanye atakavyo. Kaka akakubali haraka, kwa sababu aliitazama ile sakafu na hakuona kitu kinachoweza kupona.

Alisahau kwamba nipo mimi.

Lakini dada yetu naye alijitokeza. Dada anafanya biashara ya mpunga Kahama, ana sauti ya kuuzia mpunga, na hakuna jambo ambalo halijui. Akasema shamba lisipandwe kitu. Lifungwe ngitili.

Ngitili ni desturi yetu ya kale. Unachagua eneo, unaliwekea mpaka, na mvua zinapoanza mifugo haiingii humo hadi nyasi zikomae. Kiangazi kikikaza ndipo unafungua, unawaingiza ndama, wagonjwa na vikongwe. Mlinzi wake ni aibu na faini. Ndiyo kusema, ni njia nzuri sana ya kutofanya kazi.

"Dada, hiyo siyo teknolojia," nilimwambia. "Hiyo ni kukaa."

"Ndiyo. Nikae, ardhi ifanye kazi. Wewe ulisomea kuichosha?"

"Mimi nimeotesha miti juu ya mawe."

"Basi ukipata mawe utuambie. Huku tuna udongo."

Mama akaligawa shamba ili tupumzike. Nusu ya barabarani nikapewa mimi, kwa sababu kazi yangu ni ya kuonekana. Nusu ya nyuma akapewa dada. Dada akazungusha vipandikizi vya minyaa mpakani, akawaonya wachungaji kwa sauti ileile ya mpunga, akapanda basi akarudi Kahama. Hiyo ndiyo kazi yote aliyofanya. Naandika haya ili ijulikane.

Kazi yangu ilikuwa tofauti. Niliotesha miche mwenyewe, mikaratusi kwa ajili ya nguzo na milusina kwa ajili ya malisho na mbolea ya ardhini. Nilichimba mashimo ya mraba, mapana, yaliyonyooka kwa kamba, mistari kwa mistari hadi lambo, kiasi kwamba mtu akisimama barabarani aliona mashimo yakikimbia mbele yake kama madirisha ya treni. Kila shimo nikalijaza mbolea ya samadi kutoka zizi la mbuzi la mama. Barabarani nikaweka kibao chenye jina langu.

Siku ya kupanda alikuja mgeni rasmi, wakaja walimu na wanafunzi, ikaja na ngoma. Mgeni rasmi alipanda mkaratusi, akaumwagia maji kwa birika, akapigwa picha. Mwaka uliofuata akaja mgeni rasmi mwingine. Tukampeleka kwenye shimo lilelile, kwa sababu lilikuwa karibu na kivuli cha turubai na mti wa mwenzake haukuwepo tena. Mwaka wa tatu vilevile. Shimo lile lilipandwa na viongozi watatu, na likabaki shimo. Mimi sikuona aibu. Mashimo mengi hayapati hata mgeni mmoja.

Sasa niseme yaliyoipata miche. Mikaratusi ilikwenda na mchwa. Mchwa wa kwetu hawali mti ukiwa umelala tu. Wanaujengea koti la udongo kuanzia shinani, asubuhi unaona mche umevaa vizuri, ukiushika unabaki na koti mkononi. Milusina ilikwenda na mbuzi. Mlusina ni chakula kitamu kwa mbuzi, hilo nilifundishwa chuoni na nikapata alama za juu. Sikufundishwa kwamba mbuzi nao wanajua. Na ile iliyosalia ilikwenda na Januari, pale mvua ilipokatika katikati ya msimu kama ilivyo kawaida yake, na boza la mgodi halikuwepo.

Nikapanda tena. Safari hii nikaamua kila shimo lizungushiwe miiba. Miiba itoke wapi? Katika nusu yangu hapakuwa na kitu chenye miiba, niling'oa visiki vyote ili mistari ipendeze. Lakini ng'ambo ya minyaa, katika nusu ya dada, vile visiki vya kutoboa matairi vilikuwa vimeanza kufanya fujo. Mizizi yake ilikuwa ya miaka yote, imeshuka chini kwenye unyevu, na sasa ambapo hapakuwa na mbuzi wala moto juu, kila kisiki kilitoa machipukizi kwa rundo, kama mtu anayejibu maswali yote kwa pamoja.

Nikawa naingia mchana, dada akiwa Kahama. Nakata matawi ya miiba. Yale mashina mazito yalikuwa yakisumbua panga langu, kwa hiyo katika kila kisiki nilikata membamba yote na kuacha moja au mawili yaliyo manene. Nayaburuta hadi kwangu, nazungushia mashimo. Nilifanya hivyo msimu wa pili, nikafanya hivyo msimu wa tatu.

Mtu aliyesoma ataona mara moja nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nikipogolea. Kisiki chenye machipukizi ishirini hubaki kichaka. Ukikiachia shina moja au mawili, nguvu yote ya mzizi huenda huko na unapata mti. Wataalamu huwafundisha wakulima njia hiyo kwa semina na chai. Mimi niliifanya kwa siri, bila posho, katika shamba la mtu niliyekuwa nikishindana naye. Dada alipokuja msimu wa tatu akakuta migunga inampita kimo, nyasi zikifika kiunoni, kwale wakiruka mbele ya miguu yake, akasimama akaweka mikono kiunoni.

"Umeona," akasema. "Sikugusa kitu."

Nilikuwa na mawazo yangu, kwa sababu na kwangu kulikuwa na maajabu.

Katika mashimo yangu, ndani ya kuta za miiba, miti ilikuwa imeota. Haikuwa mikaratusi, wala haikuwa milusina. Ilikuwa migunga. Midogo, inafika magotini, mingine kifuani, yenye miiba yake yenyewe, imejipanga katika mistari iliyonyooka kwa kamba hadi lambo. Hakuna msitu duniani ulioota wenyewe kwa mistari. Nilitembea katikati yake kama mtu anayekagua gwaride.

Haikunichukua muda kuelewa. Kiangazi mbuzi wa mama hula maganda ya migunga yaliyoanguka malishoni. Mbegu ngumu zaidi hazisagiki. Nyingine huzitema zizini wakicheua, nyingine hupita tumboni na kutoka nyuma, gamba likiwa limelegea, tayari kunywa maji. Samadi yangu ilikuwa imejaa mbegu. Mashimo yangu yalikusanya maji ya mvua, na juu ya ile sakafu hayo ndiyo yalikuwa maji pekee yaliyotulia. Miiba niliyoiba ikazuia midomo. Kila nilichokitayarisha kwa ajili ya mkaratusi kilikuwa kinamngoja mgunga, na mkaratusi alikuwa kama mgeni rasmi, alikuja tu kupigwa picha.

Kipindi hichohicho alifika mtaalamu mwanamke kutoka mradi mmoja, mwenye kofia pana na kamba ya kupimia. Alitembea pande zote mbili. Akamsalimia mama shikamoo kwa magoti, jambo lililompendeza mama, kisha akasema maneno ambayo hayakumpendeza. Alisema eneo lote lingefaa kuachwa kabisa, nusu zote mbili, bila mfugo kuingia kiangazi wala masika, ili pori lirudi lenyewe pamoja na wanyama wake.

"Wanyama gani?" mama akauliza.

"Wa asili, mama. Wakipata mahali pa kujificha watarudi taratibu. Digidigi, nyani, ndege, hata wakubwa kidogo."

"Fisi?"

"Na fisi yumo katika mfumo."

"Fisi yumo tayari katika mfumo wangu. Mwaka jana alichukua kondoo."

Yule mtaalamu alicheka, na nilimpenda kwa kucheka. Alinieleza vizuri kwamba palipo na visiki hai na mbegu, kufunga tu kunatosha na ni rahisi kuliko kupanda; kwamba kupanda kuna mahali pake, pale ambapo hakuna chochote kilichobaki, kama kwenye vifusi vyangu. Nikamwambia najua, nina diploma. Nikamuuliza swali moja: mbuzi wakitolewa kabisa, nani angepanda nusu yangu? Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaniambia jambo hilo linahitaji kufikiriwa, na kwamba mbuzi katika habari hii ni kama mnyama pori mwenye mahali pa kulala. Nilifurahi sana. Ni mara chache mtaalamu huja kwangu akaondoka na swali.

Msimu wa tatu ukaisha. Kaka akaja kutoka Kambarage na gari la kukodi, pamoja na tajiri wa marudio aliyevaa miwani ya jua na viatu visivyopenda tope. Kaka alizunguka shamba lote. Nilidhani atakasirika. Badala yake akanikumbatia.

"Mdogo wangu, hii ndiyo kazi ya msomi. Tazama mistari. Nani mwingine angeweza?"

"Hakuna," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Umepanda wewe kwa mikono yako?"

"Kila shimo nimechimba mimi."

"Asante," kaka akasema, akamgeukia tajiri. "Umesikia."

Hapo ndipo aliponiwekea mtego, na ningekuwa mtu asiyependa sifa nisingenasa. Kwetu mila inatenganisha vitu viwili. Kilichoota chenyewe katika eneo lililofungwa ni ngitili, na ngitili haipewi mgeni mpaka dagashida, yaani mkutano wa kijiji wa kimila, uridhie. Nao haujawahi kuridhia. Lakini kilichopandwa ni mazao. Miti ya kupanda ni kama mahindi, unamlipa mpandaji fidia, unafyeka, eneo linakuwa la mwenye nalo. Kaka akasema nusu ya dada ibaki, hana ugomvi nayo, imepona. Nusu yangu haijapona. Imepandwa tu. Mahindi yakiota shambani, husemi ardhi imepona. Na nusu yangu ndiyo iliyoko barabarani, ndiyo inayofika lambo, ndiyo tajiri aliyoitaka. Nusu ya dada peke yake isingeweza kulisha mifugo ya mama mwezi mmoja, tena jirani yake angekuwa vati la dawa kali.

Usiku ule, kaka akiwa ameshaondoka, mama alianza kuulizia bei ya magodoro ya mjini.

Dagashida ikaitishwa shambani kwetu. Watu walipaswa kukaa kwenye nusu yangu maana ndiyo iliyokuwa na kesi, lakini migunga yangu ilikuwa inafika kifuani na haina kivuli, kwa hiyo mkutano wote ulihamia upande wa dada, na mashahidi wakawa wanavuka minyaa kwenda na kurudi. Mwenyekiti amemuoa binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni shemeji yangu, na anapenda utani kuliko ugali.

Kaka, aliyekuja tena na tajiri wake, akaeleza. Akaonyesha kibao changu barabarani. Akaonyesha picha za wageni rasmi. Akaonyesha cheti nilichopewa cha upandaji bora, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimemwachia nakala akitundike dukani kwake.

"Shemeji," mwenyekiti akaniita. "Simama. Miti ile umeipanda?"

Nilisimama. Watu wote waliokuwa wamewahi kuniita Bwana Miti walikuwa pale. Wanafunzi waliocheza ngoma walikuwa pale. Dada alikuwa ameketi karibu na mama, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameishika sauti yake isitoke. Mama alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Sikupanda," nikasema.

Wakaguna.

"Shimo la kwanza pale," mwenyekiti akasema, "ulipanda nini?"

"Mlusina."

"Uko wapi?"

"Uliliwa na mbuzi."

"La pili?"

"Mkaratusi."

"Uko wapi?"

"Mchwa."

"La tatu?"

"Mkaratusi tena. Jua."

"Shemeji, diploma yako ni ya nini?"

"Ya misitu."

"Ya kuiotesha au ya kuizika?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaomba asaidiwe kukaa vizuri. Nilingoja wamalize. Nilikuwa nimesimama wima, na nataka ieleweke kwamba nilisimama wima. Kaka akainuka haraka.

"Anadanganya. Miti iko kwenye mistari. Miti ya kuota yenyewe haikai kwenye mistari."

Hapo nikatoa ushahidi ambao hakuna mwingine pale angeweza kuutoa. Nikaomba iletwe samadi mbichi kutoka zizini. Ikaletwa kwenye karai. Nikaivunja kwa vidole mbele ya dagashida, nikawaonyesha mbegu za mgunga, nikawaeleza njia yake tangu ganda hadi tumbo, tangu tumbo hadi shimo. Nikatoa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa siku za kupanda miti, na yote ilikuwa ya kuthibitisha kwamba sikufanya kitu.

"Kwa hiyo mpandaji ni mbuzi," mwenyekiti akasema taratibu.

"Ni mbuzi."

"Mbuzi ni wa mama," kaka akadakia. "Basi mpandaji ni mama. Alipwe fidia, tumalize."

Ukazuka ubishi ambao sijawahi kuusikia katika mahakama wala bungeni. Wengine walisema kazi ya mfugo ni ya mwenye mfugo, kama ng'ombe anayelima kwa plau. Wengine wakauliza kama ng'ombe wa plau akinya barabarani ni kazi ya mwenyewe. Bibi mmoja alitaka kujua kama mbuzi alikusudia. Wakamjadili mbuzi na nia yake kwa muda mrefu, wakampima tabia, wakakumbushana nguo alizowahi kula. Yule beberu mkubwa wa mama, mwekundu, aliyeaminika kula maganda kuliko wenzake, alikuwa amefungwa kwenye mgunga wa dada hatua chache kutoka hapo, akicheua.

Mwishowe mama akaomba kusema.

"Mbuzi wangu sijamtuma," akasema. "Na mwanangu nilimtuma, hakuotesha kitu. Kilichoota bila kutumwa ni ngitili."

Akakaa. Mwenyekiti akawatazama wazee, wazee wakatazamana, wakakubaliana. Nusu zote mbili zikatangazwa ngitili moja. Tajiri wa marudio alikuwa ameshaingia garini kabla kaka hajamaliza kusimama. Mama akamwambia kaka, kwa upole, kwamba kile chumba cha marumaru anafaa kukipangisha.

Nilidhani imekwisha. Lakini mwenyekiti hakuwa amefunga mkutano.

"Shemeji, swali dogo. Ile miiba kuzunguka mashimo yako, uliitoa wapi?"

Dada akageuza shingo polepole.

Nikaeleza. Nikaeleza pia kwamba bila panga langu migunga yake ingekuwa vichaka hadi leo, kwamba ile miti anayojisifia niliipogolea mimi, kitaalamu, na kama kuna haki ningelipwa. Dada akapata sauti yake yote kwa pamoja. Alisema mimi ni mwizi, na baadaye, alipozitazama zile alama za panga shinani na jinsi mashina yalivyonyooka, akasema mimi ni mwizi mwenye mkono mzuri.

Kukata tawi katika ngitili iliyofungwa kuna faini yake, inaitwa mchenya, na mchenya huliwa palepale na waliokaa mkutanoni. Nilitozwa mbuzi mmoja. Kwa kuwa mimi sifugi, mama akanikopesha, akisema bora aende yule mwekundu, maana baada ya sifa zote zile atakuwa hashikiki.

Kwa hiyo tulimla mpandaji. Alikuwa mgumu kidogo lakini mwenye ladha. Kaka naye alikula, kwenye paja, akiwa amenuna. Walipopasua tumbo, mama aliniita. Akanionyesha, katikati ya majani yaliyotafunwa, mbegu za mgunga, nyingi, kahawia, zinang'aa.

"Usimwage jalalani," akasema.

Nikayachota yale ya tumboni kwenye karai, nikavuka minyaa, nikaenda hadi barabarani kwenye kibao changu, kwenye lile shimo la wageni rasmi ambalo hadi siku hiyo halikuwa na kitu. Nikamwaga humo, nikafukia, nikazungushia miiba. Miiba hiyo niliiomba kwa dada, mbele ya watu, naye akanikatia matawi membamba na kuyaacha mashina.

Kibao sikukitoa. Nimekipaka rangi upya. Mashimo yale, anayetaka kujua, nilichimba mimi.